Pesa ya forodha hailipwi kwa muuzaji wa gari

Wengi katika parokia zetu wanaagiza gari kutoka Japani kwa njia ya simu. Njia hiyo yenyewe si ya uongo. Magari mengi ya Goma, Bukavu na Butembo yalifika hivyo, yakipitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Lakini wezi nao wanaitumia, na tunaona vema kueleza namna ya kuwatambua.

Tuchukue mfano. Kwaya imekusanya dola 4,000. Inaona picha ya RAV4 ya dola 2,200, hali wauzaji wengine wanaomba zaidi ya mara mbili. Muuzaji anasema: “Tumeni kwanza dola 900 za meli na 700 za forodha, karatasi zitafuata.” Zikiisha kutumwa, anadai 350 za kuegesha gari bandarini. Dola 1,950 zimekwenda, na hakuna aliyeona hata namba ya shasi. Bei ndogo ilikuwa chambo tu. Kile mwizi alichotaka ni zile amana.

Nauli ya meli, hata muuzaji wa kweli huomba ilipwe mapema pamoja na bei ya gari. Forodha ni jambo jingine. Ushuru ni wa serikali yetu, nao unahesabiwa kwa karatasi za gari. Tunaulipa sisi wenyewe au kwa mkono wa wakala wa forodha tuliyemchagua. Muuzaji wa ng'ambo hana sehemu ndani yake. Anayeidai pesa hiyo gari lingali kwake amejionyesha.

Basi, kabla ya kutuma chochote, tuombe vitu viwili. Cha kwanza ni profoma yenye jina la kampuni, namba ya shasi na akaunti ya benki kwa jina lilelile la kampuni. Akaunti ikiwa ya mtu binafsi, tuache. Cha pili ni picha mpya ya namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma, pembeni yake karatasi yenye tarehe ya leo na jina letu. Mwenye gari uani anaipiga kwa dakika chache. Mwenye picha za kuiba atatoa visingizio.

Hati ya shehena haiwezi kuombwa siku hiyo, kwa maana kampuni ya meli huitoa baada ya kupakia gari. Anayeituma kabla ya malipo ameitunga. Ikifika kwa wakati wake, tuulize kampuni ya meli yenyewe kama namba ya hati na ya shasi zinapatana na gari letu.

Karatasi pia zinaigwa, kwa hiyo hata profoma nzuri haitoshi peke yake. Tumwonyeshe wakala wa forodha anayejulikana mjini kabla mtunza hazina hajakwenda benki.