Swali la tisa

Mama huyu hayupo. Ni mgonjwa wa mfano, wa kufundishia wanafunzi wa uuguzi, lakini kila nesi aliyekaa kwenye chumba cha wagonjwa wa nje atamtambua. Ana miaka 38, ana genge la mboga, na mume wake amepooza upande mmoja tangu apate kiharusi. Ndani ya miezi miwili amefika kituo cha afya mara tatu. Kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu. Kila mara amepimwa malaria, majibu yakatoka hana, akapewa panadol na kurudishwa nyumbani.

Mara ya nne mwanafunzi aliyekuwa zamu alimwuliza jambo dogo: analalaje? Mama akasema usingizi humpata, ila saa tisa usiku anaamka na hapati tena lepe hadi kunapambazuka. Akaendelea mwenyewe. Genge analifungua siku akijisikia, kwenye kikoba haendi tena, na chakula anapika kwa sababu tu watoto lazima wale. Hajalia, wala hajasema ana huzuni. Wagonjwa wengi wa sonona huja hivi, wakitaja mwili kwanza, na ukingoja wataje huzuni utaendelea kuwapima malaria.

Mwanafunzi akachukua dodoso la PHQ-9, linalotumika duniani kote tangu lilipochapishwa mwaka 2001. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mwisho mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Mama alipata 3 kwenye hamu, 2 kwenye huzuni, 3 kwenye usingizi, 3 kwenye uchovu, 1 kwenye chakula, 2 kwenye kujiona ameshindwa, 2 kwenye umakini na 1 kwenye uzito wa mwili. Swali la tisa alipata 0. Jumla ni 17, na alama 15 hadi 19 huashiria sonona iliyo kati ya wastani na kali. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Bado daktari atataka kujua kama kuna upungufu wa damu, shida ya tezi ya shingo, ujauzito, pombe, au dawa nyingine anazotumia.

Ila ile 0 haikuwa ya kweli, na kosa halikuwa la mama. Swali liliulizwa hivi: “Na mawazo ya kujidhuru huna, siyo mama?” Swali la namna hiyo linambebesha mgonjwa kazi ya kumtoa nesi hofu. Mama akajibu, “Sina, mwanangu.” Lakini dakika chache kabla alikuwa ametamka maneno yasiyolingana kabisa na jibu hilo:

“Nimechoka, nesi. Sioni haja ya kuendelea.”

Hapa ndipo zoezi la darasa linapoanzia. Mwalimu anawapanga wanafunzi watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja nesi, mmoja mtazamaji. Mgonjwa anasema sentensi hiyo na nesi anajibu. Mtazamaji hatoi maoni. Anaandika tu kila sentensi ya nesi, na pembeni anaweka alama kama jibu la mgonjwa lililofuata lilirefuka au lilifupika. Zoezi hili nalipenda kuliko mengine yote kwa sababu halihukumu moyo wa nesi. Linaonyesha maneno yake yamefanya nini.

Jibu linalokuja haraka zaidi ni “Usiseme hivyo mama, Mungu yupo, wenzio wana makubwa kuliko hayo.” Anayelitoa ana huruma kweli. Mgonjwa anajibu “Ni kweli,” na mazungumzo yameisha hapo. “Kwa nini unasema hivyo?” nalo hufupisha, maana mtu husikia anatakiwa ajitetee. Kinachorefusha ni kumrudishia mgonjwa neno lake, kisha kunyamaza:

“Huoni haja ya kuendelea...”

Nesi anahesabu taratibu moyoni hadi kumi bila kuongeza neno. Kwa wanafunzi wengi hapa ndipo pagumu. Wakifika nne wameshaokoa kimya kwa swali jingine. Akivumilia, mama anaongea.

“Nikiamka usiku namtazama mume wangu, nawaza deni la kikoba. Najiona mzigo kwao wote.”

“Umebeba mengi, mama, na unayabeba usiku peke yako. Mtu akichoka kiasi hicho, wakati mwingine huwaza kujiua. Wewe mawazo hayo yamekujia?”

“Yamekuja. Siku mbili tatu.”

“Umewahi kufikiria ungefanyaje?”

“Ile dawa ya kunyunyizia mboga ipo ndani.”

Wengi huogopa kwamba kuuliza waziwazi kutampandikizia mtu wazo hilo. Hakumpandikizii. Anayelibeba tayari hupata pa kulitua. Kwa hiyo zoezi la pili ni kulitamka swali hili kwa sauti, mbele ya mwenzako, hadi sauti isishuke unapofika kwenye neno “kujiua”.

Sasa swali la tisa lina 1, na jumla imekuwa 18. Kwenye jedwali hakuna kilichobadilika, bado yuko kati ya 15 na 19. Mtihani wa kwanza kwa mwanafunzi uko hapo: mbona alama moja imebadili mpango mzima? Jibu kamili litasema kwamba swali la tisa halisubiri jumla. Mama anafikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo, haachwi peke yake, na wifi yake anaombwa aitoe ile dawa ya mboga nyumbani kabla mama hajarudi.

Swali la pili: mama akisema “Usimwambie mtu,” utajibu nini? Anayejibu “sitasema” amekosa, hata kama alitaka kumtuliza. Jibu zuri ni, “Mengi utakayoniambia yatabaki kati yetu, lakini panapohusu uhai wako siwezi kukaa kimya. Tuamue pamoja nani tumwambie.”

Swali la tatu: daktari amempa fluoksetini miligramu 20 kwa siku, kabla ya hapo alipaswa kuuliza nini? Aulize kama kuna kipindi mama alikaa siku nyingi bila kulala na asichoke, akiongea sana na kutumia pesa ovyo. Anayewahi kuwa hivyo anaweza kuvurugika akipewa dawa hii peke yake.

Swali la nne ndilo hukosewa zaidi. Baada ya siku kumi mama amerudi, anatembea haraka kidogo, amefungua genge, lakini anasema moyoni bado ni giza. Je, umpangie kurudi baada ya miezi miwili? Hapana. Dawa huchukua wiki kadhaa kuigusa huzuni, na nguvu za mwili zinaweza kutangulia. Katika pengo hilo mtu ana mawazo yaleyale na ana nguvu za kuyatekeleza. Aonwe kila wiki, apewe vidonge vichache kwa wakati, na swali la tisa liulizwe upya kila mara.

Wiki ya nane amepata alama 8. Imeshuka zaidi ya nusu, kwa hiyo tiba inafanya kazi, lakini hajafika chini ya 5, ambapo tungesema dalili zimeondoka. Ataendelea na dawa, na hata dalili zikiisha hataiacha kabla ya miezi 9 hadi 12. Kwenye kikoba amerudi, na deni wamempangia alilipe kidogo kidogo.