Kama umechelewa kujibu



Baba mdogo alinitumia 120.000 franka ya minervali kwa telefone. Kisha akaandika: "Pesa ilifika? Imebaki ngapi?" Nilimujibu nyuma ya siku tisa.

Sababu gani? Pesa ilifika siku ile ile. Lakini nililipa 100.000 tu, na 20.000 nilinunua viatu, maana vya zamani vilipasuka. Niliogopa kusema. Siku ya tano nikafikiri sasa inafaa nitafute maneno makubwa ya kuomba musamaha, na kwa kuyatafuta nikachelewa tena siku ine. Wengi kati yetu tunachelewa vile: si kazi inatufunga, ni jibu lenyewe linatuogopesha.

Kwanza niliandika mistari kumi na miwili: mimi ni mtoto mubaya, masomo ni mengi, nilishikwa na malaria, unisamehe, unisamehe tena. Rafiki yangu wa internati akasoma, akauliza: "Sasa pesa ilifika ao hapana?" Sikusema hata! Tena malaria ilikuwa uongo. Baba mdogo angeuliza mama, na yote ingejulikana. Na mukubwa akisoma kilio kirefu namna ile, yeye aliyengoja ndiye anapaswa kukutuliza wewe.

Nikafuta yote, nikaandika hivi:

"Baba mdogo, jambo. Unisamehe, nimechelewa siku tisa kukujibu, kwa sababu niliogopa kusema kwamba nilinunua viatu na 20.000 bila kukuuliza. Pesa ilifika yote. Nililipa 100.000, imebaki 40.000, na mwisho wa kulipa ni tarehe 15. Wakati wa likizo nitabeba matofali, nirudishe ile 20.000."

Angalieni. Salamu inabaki, maana ni mukubwa. Musamaha ni sentensi moja: siku ngapi, na sababu ya kweli. Zote zingine ni jibu. Ukimaliza kuandika, hesabu: kama sentensi za musamaha zinapita za jibu, kata. Mwishoni usiombe tena. Kama sababu ni siri ya mutu mwingine, sema tu "siwezi kueleza sababu", usitunge nyingine. Na kama umechelewa siku moja tu, jibu bila musamaha.

Lakini sentensi moja haitoshi kama kuchelewa kwako kumeumiza mutu. Baba mdogo alijibu: "Viatu ungeniambia tu. Mimi nilifikiri pesa imepotea, nikagombana na kijana wa kibanda cha pesa." Hapo nikaandika tena: "Ule ugomvi ni kosa langu. Tafazali umwambie yule kijana kwamba pesa ilifika, na kwamba mimi ndiye nilinyamaza."

Akamwambia. 40.000 ilifika tarehe 12, na nikamujibu siku ile ile.