Pepopunda: Sumu Inayomezwa na Neva

Msumari wenye kutu umebeba lawama isiyo yake. Kutu haileti pepopunda. Anayeileta ni bakteria aitwaye Klostridiamu tetani, ambaye spora zake hukaa miaka mingi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha mifugo. Msumari hutoboa kidonda chembamba chenye kina, mahali pasipofika hewa, na bakteria huyu hustawi palepale hewa inapokosekana. Hata hivyo yeye haendi popote, hubaki kidondani. Kinachosafiri ni sumu yake, na safari hiyo hutegemea kazi mbili ambazo seli zetu hufanya kila siku: kumeza na kutema.

Seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Oksijeni hupenya bila shida, lakini protini kubwa haiwezi. Ili kuiingiza, sehemu ya utando hubonyea kuelekea ndani, huizunguka protini hiyo, kisha hukatika na kuwa kifuko kinachoelea ndani ya seli. Kitendo hicho huitwa endositosisi. Kinyume chake ni eksositosisi: kifuko kilichokuwa ndani hufika kwenye utando, huungana nao, na kumwaga nje kilichobeba.

Seli haimezi ovyo. Juu ya utando wake kuna vipokezi, yaani molekuli ambazo kila moja hushika kitu chake maalumu. Vipokezi vilivyoshika mzigo hukusanyika mahali pamoja, na upande wa ndani protini iitwayo klathrini hujipanga chini yao na kuulazimisha utando upinde. Protini nyingine, dainamini, huizunguka shingo ya kifuko na kuikata. Kwa njia hii seli huchukua kolesteroli na madini ya chuma kutoka kwenye damu.

Sumu ya pepopunda nayo huingia kwa kupitia vipokezi. Ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa kifungo cha salfa: sehemu nzito inayoshika seli na sehemu nyepesi inayofanya uharibifu. Sehemu nzito hushika aina fulani ya mafuta yenye sukari, gangliosidi, yaliyojaa kwenye ncha za neva zinazoendesha misuli. Neva huimeza kama mzigo wowote halali. Kifuko chenye sumu husafirishwa ndani ya uzi mrefu wa neva, kutoka mguuni hadi kwenye uti wa mgongo. Katika safari hii kifuko hakigeuki kuwa kichachu, kwa hiyo sumu hufika ikiwa nzima.

Kwenye uti wa mgongo hutokea jambo la ajabu kidogo. Sumu hutoka katika neva ya kwanza bila kuidhuru sana, kisha humezwa mara ya pili na seli jirani ambazo kazi yake ni kuituliza ile neva ya misuli. Safari hii kifuko huwa kichachu. Uchachu huo hubadili umbo la sumu, na sehemu nyepesi hupenyezwa kupitia ukuta wa kifuko hadi kwenye maji ya seli. Huko kifungo cha salfa hukatika na sehemu nyepesi huwa huru.

Inachokiharibu ni utaratibu wa kutema. Seli tulizi huhifadhi kemikali zake, hasa glisini, katika vifuko vyenye upana wa nanomita 40 hivi. Vifuko 25,000 vikipangwa kwa mstari vingefikia milimita moja. Kifuko kilichofika kando ya utando hakiungani nao chenyewe. Nyuso zote mbili zina chaji hasi inayosukumana na zimefunikwa na maji yasiyobanduka kwa urahisi, hivyo panahitajika nguvu ya kuzigusanisha.

Nguvu hiyo hutoka kwa protini. Juu ya kifuko imesimama sinaptobrevini, na juu ya utando wa seli zimesimama wenzake, mmojawapo akiitwa sintaksini. Zinapokutana hujisokota pamoja kuanzia ncha za mbali kuelekea mizizi, jinsi zipu inavyofungwa, na kila hatua ya kusokota huvuta kifuko karibu zaidi na utando. Karibu na mwisho husubiri. Umeme wa neva ukifika, kalsiamu huingia kwenye seli, protini nyingine iitwayo sinaptotagmini huihisi, na katika muda usiofika elfu moja ya sekunde tundu hufunguka na glisini humwagika. James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2013 kwa kufumbua mfumo huu wa vifuko.

Sehemu nyepesi ya sumu huikata sinaptobrevini mahali pamoja tu, kati ya amino asidi ya 76 na ya 77. Giampietro Schiavo, Cesare Montecucco na wenzao walilionyesha hilo mwaka 1992. Kalsiamu huendelea kuingia, vifuko vipo vimejaa, lakini haviwezi kuungana na utando. Glisini haitoki. Neva ya misuli haina tena wa kuituliza, na kila kichocheo kidogo huwa amri ya kukaza. Ndiyo maana taya hufunga, mgongo hupinda kama upinde, na kishindo cha mlango au mwanga wa ghafla huleta mkakamao mpya. Mgonjwa huyapitia yote hayo akili zake zikiwa timamu.

Linganisha na sumu ya botulizimu, inayotokana na chakula cha kopo kilichoharibika. Aina yake moja hukata sinaptobrevini mahali palepale kabisa. Lakini yenyewe hubaki kwenye ncha ya neva, karibu na msuli, na kuzuia kemikali inayouamuru msuli ukaze. Mgonjwa hulegea badala ya kukakamaa. Mkato ni uleule; tofauti ni kifuko gani kilichoibeba sumu na kilikoishusha.

Mambo haya yanaeleza kwa nini daktari hana muda wa kupoteza. Dawa ya kingamwili hunasa sumu iliyo kidondani na kwenye damu. Iliyokwisha kumezwa na neva haifikiwi. Kinachobaki ni kusafisha kidonda, kumweka mgonjwa mahali penye giza na utulivu, kumpa dawa za kulegeza misuli na, ikibidi, mashine ya kupumulia, hadi seli zitengeneze upya njia zake za kutema. Hilo huchukua wiki kadhaa.

Chanjo, kwa upande wake, huwahi. Kingamwili zake huikamata sehemu nzito kabla haijashika neva. Mama mjamzito aliyechanjwa humpa mtoto kingamwili hizo kupitia kondo, na ndiyo kinga ya kichanga ambaye kitovu chake kimekatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi. Wanaosahaulika ni wanaume: wengi walichanjwa utotoni tu, na hakuna kliniki ya wajawazito ya kuwakumbusha.

Kiasi cha sumu kinachoweza kuua mtu mzima hakifiki sehemu moja ya milioni ya gramu. Ni kidogo mno hata kinga ya mwili haijifunzi kuitambua. Kwa hiyo aliyeugua pepopunda akapona anaweza kuugua tena, na anapaswa kuchanjwa kama mtu ambaye hajawahi kuugua.