Upole na Uthabiti katika Kuhariri Barua

Toni ya barua ni mtazamo wa mwandishi kwa msomaji wake, kama unavyojitokeza katika uteuzi wa maneno na muundo wa sentensi. Mhariri anayeandika pembeni mwa rasimu kwamba "ilainishwe kidogo" humwacha mwandishi akibahatisha, kwa kuwa hakutaja kinachopaswa kubadilika wala kinachopaswa kubaki.

Kwa mfano, chama cha akiba na mikopo kinamkumbusha mwanachama aliyechelewesha rejesho, yaani sehemu ya mkopo inayolipwa kila mwezi. Lengo, ambalo huandikwa kabla ya kuhariri, ni kwamba mwanachama alipe kwa wakati na aendelee kujiona mwenye chama. Rasimu ya kwanza inasema: "Unatakiwa kulipa rejesho la shilingi 85,000 kufikia tarehe 30 Juni." Ombi sahihi la marekebisho lingekuwa hili: amri iliyomo katika "unatakiwa" igeuzwe kuwa ombi, ilhali kiasi na tarehe visiguswe. Hapo hupatikana: "Tunakuomba ulipe rejesho la shilingi 85,000 kufikia tarehe 30 Juni." Neno "kidogo" sasa lina kipimo, kwani kimebadilishwa kitenzi kimoja tu, na kinachokifuata kikabadili umbo ili kuafikiana nacho.

Mwandishi asiyepewa mpaka huweza kuvuka hapo na kuandika: "Tungefurahi kama ungeweza kulipa rejesho lako utakapopata nafasi." Kiambishi -nge-, ambacho huonyesha jambo la kudhania, kimeligeuza deni kuwa matamanio, na tarehe imetoweka. Toleo hili ni la upole kuliko yote, lakini limelikosa lengo.

Kosa hilo hutokana na kudhani kwamba upole na uthabiti hupunguzana, ilhali katika barua ya aina hii kila kimoja kina mahali pake: upole hukaa zaidi katika namna ya kumwelekea msomaji, na uthabiti hukaa katika kiasi, tarehe na matokeo. Kwa hiyo anayetaka barua iwe thabiti zaidi kidogo haombi maneno makali, bali huomba iongezwe sentensi moja, kama vile: "Baada ya tarehe hiyo, wadhamini wako wataarifiwa." Ombi la mwanzo hubaki lilivyo, mradi hatua inayotajwa imo kweli katika masharti ya mkopo.

Kila toleo hupimwa kwa lengo lililoandikwa, si kwa toleo lililotangulia, kwa sababu mabadiliko madogo yanayofuatana huonekana ya busara kila moja peke yake, na kwa pamoja yakaipotosha barua. Kipimo chepesi ni kumpa toleo hilo mtu asiyeijua rasimu, kisha kumwuliza anatakiwa kufanya nini, lini, na anajionaje mbele ya chama. Akijibu kwamba atalipa akipata, uthabiti umepungua. Akijibu kwamba anashitakiwa, basi kinachohitaji kurekebishwa ni namna alivyoelekewa, wala si tarehe.