Majitaka ya Ghorofani Yanahitaji Hewa

Katika majengo marefu kuna malalamiko yanayojirudia: mkazi wa ghorofa ya chini anaona povu la sabuni likipanda kwenye sinki lake la jikoni, ilhali hajafungua maji tangu asubuhi. Fundi bomba anaitwa, anazibua, hakuti kitu kilichoziba. Kesho yake povu linarudi. Mara nyingi tatizo haliko kwenye sinki, bali kwenye hewa iliyomo ndani ya bomba la wima linalopita katika ghorofa zote.

Wengi hudhani maji yakimwagwa kutoka ghorofa ya 16 yanazidi kushika kasi hadi yanapofika chini. Sivyo. Maji yanayoingia kwenye bomba la wima hutambaa kwenye kuta zake kama utando, na katikati hubaki nafasi ya hewa. Baada ya kushuka mita chache, msuguano wa ukuta hulingana na uzito wa maji, na kasi haiongezeki tena. Kwa hiyo urefu wa jengo peke yake hauvunji bomba. Kinachosumbua ni kwamba utando huo huivuta hewa na kushuka nayo, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea na pa kuingilia.

Isipopata, trapu ndizo zinazoumia. Trapu ni ule mkunjo chini ya sinki au ndani ya choo unaobakiza maji ili kuzuia harufu. Kwenye choo, maji hayo huwa na kina cha milimita 50 hivi. Hewa ikipungua bombani, trapu hufyonzwa: mkazi husikia mlio wa kugugumia, kisha harufu hufuata. Hewa ikibanwa, maji husukumwa juu kuelekea chumbani, na hapo ndipo povu huonekana. Kwa sababu hiyo wabunifu hujitahidi shinikizo lisipande wala kushuka zaidi ya kiasi cha milimita 38 za maji.

Ndiyo maana bomba la wima halibuniwi lijae. Kiwango cha BS EN 12056-2 kinaonyesha hesabu yake vizuri. Tuchukue jengo ambalo ghorofa zake 16 zinamwaga kwenye bomba moja, nyumba mbili kila ghorofa. Kila kifaa hupewa alama: choo 1.7, sinki la jikoni 1.3, shawa 0.4, beseni la kunawia 0.3. Nyumba moja inapata 3.7, na nyumba zote 32 zinapata 118.4. Kwa kuwa wakazi hawavuti maji ya choo wote kwa wakati mmoja, alama hizo hazichukuliwi zote. Hutafutwa kipeo cha pili cha jumla hiyo, kisha kikazidishwa kwa 0.5:

Q = 0.5 × √118.4 = lita 5.4 kwa sekunde

Bomba la inchi 4, yaani milimita 100, lililofunguliwa juu ya paa tu, linaruhusiwa lita 4.0 kwa viungio vya pembe mraba, au 5.2 kwa viungio vyenye mteremko wa mviringo. Yote mawili hayatoshi. Lakini likiwekewa bomba la pili la hewa la milimita 50, lililounganishwa nalo huku na huku, uwezo hufika 7.3 kwa viungio hivyo vya mviringo. Bomba la maji halikupanuka hata kidogo. Limepewa hewa tu.

Chini kabisa, maji yanapogeuka kutoka wima kwenda mlalo, hupunguza kasi ghafla, hujaa, na kuibana hewa nyuma yake. Hapo ndipo povu la yule mkazi linapoanzia. Mwongozo wa Uingereza hutaka kona hiyo iwe pana, na jengo likizidi ghorofa 5, vifaa vya ghorofa ya chini kabisa vimwage kwenye bomba lao wenyewe. Likizidi 20, hata ghorofa inayofuata hutengwa.

Trapu huweza pia kukauka pasipo shinikizo lolote. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, ugonjwa wa SARS ulisambaa kwa kasi, na hadi Aprili 15 wagonjwa walifika 321. Wachunguzi walieleza kwamba trapu nyingi za sakafu za bafuni zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walipiga deki badala ya kumwaga maji sakafuni. Feni za kutolea hewa zilivuta matone yenye virusi kutoka bombani na kuyaingiza vyumbani.

Baadhi ya wajenzi hukwepa kupitisha bomba la hewa hadi paani kwa kufunga vali inayoruhusu hewa kuingia tu. Vali hiyo husaidia trapu zinazofyonzwa. Kwa povu la ghorofa ya chini haifanyi lolote, kwa sababu hewa iliyobanwa inahitaji kutoka, na vali hiyo hujifunga mara tu shinikizo linapopanda.