Orodha iliyokwisha kupangwa na mtego wake

Tuseme karani wa kampuni ya mabasi ana orodha ya abiria 100,000 iliyokwisha kupangwa kwa alfabeti. Programu, kwa kuwa haijui hilo, inaipanga upya. Mtu angedhani kazi itaisha kufumba na kufumbua, maana kila jina liko mahali pake. Kumbe kwa algoriti mojawapo maarufu sana, orodha ya namna hiyo ndiyo inayoweza kuitesa kuliko nyingine zote.

Algoriti hiyo ni upangaji wa haraka. Mwingereza Tony Hoare aliibuni mwaka 1959 akiwa mwanafunzi mgeni mjini Moscow, alipokuwa akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa mashine. Kamusi ilihifadhiwa kialfabeti kwenye tepu ya sumaku, kwa hiyo maneno ya sentensi yalipaswa kupangwa kwanza ili yatafutwe bila kuirudisha tepu nyuma kila mara. Njia yake ni hii: chagua jina moja liwe kigezo, yanayolitangulia yaende upande mmoja na yanayolifuata upande wa pili, kisha kila upande ufanyiwe vivyo hivyo.

Sasa kigezo kikiwa ni jina la kwanza kila mara, na orodha imeshapangwa, upande mmoja unabaki mtupu na wa pili unabeba majina 99,999. Duru inayofuata inabeba 99,998, na kuendelea hivyo moja moja. Programu italinganisha majina mara 4,999,950,000. Kompyuta inayolinganisha mara milioni 100 kwa sekunde itahangaika kwa sekunde 50 hivi, ilhali orodha hiyohiyo ikiwa imevurugwa ovyo ingemalizika kabla karani hajainua kidole kwenye kibodi. Dalili ya tatizo ni hiyo: ukiongeza majina maradufu, muda unaongezeka mara nne. Kuchagua kigezo kwa bahati nasibu hupunguza sana hatari hiyo, lakini hakuiondoi kabisa.

Upangaji kwa kuunganisha, ambao John von Neumann aliuandika mwaka 1945, hauna hofu hiyo. Unagawa orodha nusu kwa nusu hadi libaki jina mojamoja, kisha unaunganisha vipande vilivyopangwa. Kwa majina 100,000, hata hali ikiwa mbaya kabisa, haulinganishi zaidi ya mara milioni 1.6. Gharama yake iko kwenye kumbukumbu, kwa sababu kuunganisha kwa kawaida hudai nafasi ya pembeni inayotosha orodha nzima au nusu yake. Kwenye kifaa kidogo, hilo pekee linaweza kuufanya usifae.

Lakini unalipa fadhila moja kubwa. Chukua abiria watatu waliopangwa kwa majina: Asha wa basi la saa 3, Baraka wa saa 1 na Chausiku wa saa 3. Wakipangwa kwa saa, karani anatarajia Baraka, kisha Asha, kisha Chausiku, ili alfabeti ibaki ndani ya kila basi. Sifa hiyo ya kutowapindua waliolingana ndiyo inayoitwa uthabiti, na hapa inategemea alama moja tu:

```
if kushoto[i] <= kulia[j]:
```

Wakilingana, wa kushoto anatangulia. Ondoa `=` na uthabiti unapotea, wala hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini.

Upangaji kwa lundo, alioutangaza J. W. J. Williams mwaka 1964, unawapindua. Lundo huweka mwenye saa kubwa kileleni, kisha kilele hubadilishana nafasi na wa mwisho. Asha yuko kileleni, hivyo anapelekwa mwisho, na Chausiku anapanda badala yake. Lundo lililobaki ni Chausiku na Baraka, nao wanabadilishana. Jibu: Baraka, Chausiku, Asha. Saa ziko sawa, alfabeti imeharibika. Upangaji wa haraka nao, kama unavyoandikwa kwa kawaida, hautoi ahadi ya uthabiti.

Hata hivyo lundo lina nguvu yake: halihitaji nafasi ya pembeni isipokuwa ya vitu vichache, na kwa majina yale 100,000 halizidi mara milioni 3.5 hata orodha ikiwa mbaya namna gani. Linachelewa kwa kuwa linarukaruka kwenye kumbukumbu, badala ya kusoma vitu vilivyo jirani.

Mwaka 1997 David Musser aliziunganisha mbili kati ya hizi. Upangaji wa haraka unaanza kazi huku kina cha migawanyo kikihesabiwa; kikipita kiasi fulani, kama ngazi 33 kwa orodha ya karani, lundo linapokea sehemu iliyobaki. Njia ya namna hiyo ndiyo hutumika nyuma ya `std::sort` ya C++, na anayetaka uthabiti huita `std::stable_sort`. Java nayo hupanga namba tupu kwa jamii ya upangaji wa haraka, kwani saba mbili hazina tofauti hata zikipinduana, bali vitu kama abiria hupangwa kwa njia ya kuunganisha, ambayo ni thabiti.