Kukadiria Saruji, Mchanga na Kokoto za Sakafu ya Zege

Chukua chumba kimoja cha darasa dogo kinachojengwa Vidunda, juu ya milima inayotazamana na Kidodi. Sakafu ina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na unene wa sentimita 10. Uwiano ni 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Tafuta kiasi cha kila kitu na gharama yake.

Anza na ujazo, na ugeuze sentimita kuwa mita kwanza, kwani hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama:

6 × 4 × 0.1 = 2.4 m³

Huo ni ujazo wa zege lililokwisha shindiliwa. Vifaa vikiwa vikavu huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kati ya kokoto kuna uwazi ambao mchanga huujaza, na kati ya chembe za mchanga saruji huingia. Kwa hiyo tunazidisha kwa 1.54:

2.4 × 1.54 = 3.696 m³

Sasa jumlisha sehemu: 1 + 2 + 4 = 7. Usigawe kwa 4. Sehemu moja ni 3.696 ÷ 7 = 0.528 m³, basi mchanga ni 1.056 m³ na kokoto 2.112 m³. Saruji huuzwa kwa uzito, na mita moja ya ujazo ina takriban kilo 1,440:

0.528 × 1,440 = kilo 760.32

Ukigawa kwa mfuko wa kilo 50 unapata 15.2. Jibu ni mifuko 16, si 15. Zege likipungua kona moja, fundi atasubiri mfuko utoke bondeni. Lililomwagwa litakuwa limeshika, na pale litakapoungwa na jipya ndipo ufa utakapotokea.

Tuseme swali limetoa bei hizi: saruji sh 18,000 kwa mfuko, kuipandisha mlimani sh 3,000 kwa mfuko, mchanga sh 30,000 na kokoto sh 60,000 kwa mita ya ujazo. Mchanga tununue 1.1 m³ na kokoto 2.2 m³.

Saruji: 16 × 21,000 = 336,000
Mchanga: 1.1 × 30,000 = 33,000
Kokoto: 2.2 × 60,000 = 132,000
Jumla: sh 501,000

Angalia kwamba saruji, iliyo kidogo kuliko vyote kwa ujazo, imekula theluthi mbili ya fedha.

Kule kazini vipimo huwa ndoo za lita 20. Mfuko mmoja wa saruji ni kama lita 35, hivyo unahitaji mchanga lita 70, yaani ndoo tatu na nusu, na kokoto ndoo saba. Lakini mchanga wa mtoni ukiwa na unyevu huvimba, pengine kwa robo nzima, na ndoo iliyojaa huwa na mchanga pungufu. Mafundi huongeza kidogo; kwenye mtihani, hesabu mchanga mkavu isipokuwa swali limesema vingine.